Msamaria kwenye ATM: jinsi kadi inavyobadilishwa mkononi mwako, na namna ya kujikinga

Kuna wizi wa benki usiohitaji silaha, kompyuta wala ufundi wa kuvunja mashine. Unahitaji mtu mwenye sura nzuri, maneno ya upole na kadi moja ya zamani inayofanana na yako. Mtu huyo hukukuta ukihangaika mbele ya ATM, anajitolea kukusaidia, kisha anakurudishia kadi ambayo si ya kwako. Unaondoka ukiamini tatizo ni mtandao, huku yeye akibaki na kadi yako na namba yako ya siri.

Katika makala hii tunaeleza wizi huo hatua kwa hatua, kwa kuangalia mazingira ya Bukoba na Muleba. Tunaeleza pia dalili za kutambua kwamba kadi imebadilishwa, na mambo ya kufanya katika saa ya kwanza, kwa sababu saa hiyo ndiyo inayoamua ni kiasi gani kitabaki kwenye akaunti.

Kwa nini huku kwetu ni rahisi kunaswa

Wakulima wengi wa kahawa mkoani Kagera sasa hulipwa kupitia akaunti za benki badala ya kupewa fedha mkononi kwenye chama cha msingi. Utaratibu huo umepunguza hatari ya kutembea na fedha nyingi, lakini umewaleta kwenye ATM watu wanaoitumia mara chache tu kwa mwaka. Msimu wa kahawa unapofunguliwa, kuanzia Mei, na malipo yakaanza kuingia, foleni hurefuka Bukoba mjini na Muleba mjini. Wastaafu nao huja mwisho wa mwezi, na Januari huja wazazi wanaotafuta ada.

Mtu anayetumia mashine mara tatu kwa mwaka huonekana kwa urahisi. Anasita, anasoma maandishi polepole, anaingiza kadi kichwa chini, anamtazama aliye nyuma yake kana kwamba anaomba radhi kwa kumchelewesha. Mara nyingi ametoka mbali, Kamachumu au Nshamba, na anawahi gari la kurudi. Tapeli hatafuti tajiri. Anamtafuta mtu mwenye haraka, asiye na uzoefu, na mwenye adabu ya kutomkatalia anayemsalimia vizuri.

Adabu hiyo ndiyo mlango wenyewe. Kijana akisema, "Shikamoo mama, naona mashine inakusumbua," ni vigumu kumjibu kwa ukali. Na ukweli ni kwamba wengi wanaotoa msaada kwenye foleni ni watu wema. Ndiyo maana hatusemi umwogope kila mtu. Kanuni tutakayoirudia hapa inahusu kadi, haimhusu mtu: kadi isiguswe na mkono mwingine.

Vitu viwili anavyovihitaji

Ili kutoa fedha zako, mwizi anahitaji vitu viwili kwa pamoja: kadi yenyewe na namba ya siri. Kimoja bila kingine hakimfikishi kwenye fedha za ATM.

Kadi za sasa zina chipu, kile kipande kidogo cha rangi ya dhahabu au fedha upande wa mbele. Chipu hufanya iwe vigumu sana kutengeneza nakala ya kadi. Lakini chipu haimtambui mwenye kadi. Mashine ikiona kadi halisi na ikapokea namba sahihi, inachukulia kwamba wewe ndiye uliyesimama pale. Kwa hiyo kadri ilivyokuwa vigumu kuiga kadi, ndivyo ilivyokuwa na faida zaidi kwa mwizi kuichukua kadi yenyewe.

Namba ya siri kwa kawaida huanza kuipata kabla hujamjua. Anasimama nyuma yako au pembeni na kutazama vidole vyako. Asipoiona mara ya kwanza, atatafuta sababu ya wewe kuiingiza tena: "Rudia tena mama, safari hii bonyeza polepole." Wakati mwingine wanakuwa wawili. Mmoja anatazama namba, mwingine anashughulika na kadi, na wanajifanya hawajuani.

Kadi huipata kwa kuleta mkanganyiko mdogo. Anaweza kusema chipu ina vumbi, aichukue na kuifuta kwenye shati. Anaweza kukuonyesha "upande sahihi" wa kuiingiza. Anaweza kudondosha noti na kukuuliza kama ni yako, ukageuka. Anaweza pia kuwa amebandika kitu kwenye tundu la kadi kabla hujafika, ili kadi yako isiingie vizuri na msaada wake uonekane wa lazima. Kubadilisha kadi huchukua muda wa kufuta chipu tu. Kadi anayokurudishia ni ya benki ileile, rangi ileile, mara nyingi ya mtu aliyeibiwa kabla yako au iliyokwisha muda wake. Kwa jicho la haraka, hazina tofauti.

Mfano wa jioni moja

Tuchukue mfano. Tumeutunga wenyewe ili hesabu ionekane wazi, na kikomo cha kutoa fedha tulichokiweka ni cha mfano pia. Cha benki yako kinaweza kuwa kingine.

Mama mmoja wa kijiji cha Muleba ana shilingi 1,900,000 za kahawa kwenye akaunti. Ijumaa amekwenda Bukoba kumwona mgonjwa, na anataka kutoa 200,000 kabla ya kurudi. Saa kumi na moja jioni yuko kwenye ATM. Benki imeshafunga, na mlinzi amekaa upande wa pili wa jengo. Anaingiza kadi, anaweka namba, lakini mashine inamrudishia kadi bila fedha. Kijana aliye nyuma yake anamsalimia, anaichukua kadi, anaifuta, anairudisha kwenye tundu na kumwambia aweke namba tena. Mashine inaandika kwamba namba ya siri si sahihi. Mama anashangaa, kwa sababu namba ni ileile. Anarudia, jibu ni lilelile. "Huu ni mtandao mama," kijana anamwambia. "Ijumaa huwa hivi. Usijaribu mara ya tatu, itakufungia kadi. Jaribu kesho kule kwenu Muleba."

Ushauri huo unasikika wa busara, na una ukweli ndani yake, kwani kukosea namba mara tatu kwa kawaida hufunga kadi. Mama anashukuru na kuwahi gari.

Saa kumi na moja na nusu, kwenye mashine nyingine hapohapo mjini, kijana anatoa 400,000. Anatoa 400,000 nyingine, kisha 200,000. Hapo amefikia kikomo cha siku, ambacho katika mfano wetu ni 1,000,000. Akaunti imebaki na 900,000. Kijana hatupi kadi. Anasubiri hadi saa sita usiku ipite, kikomo cha siku mpya kianze, kisha anatoa 400,000 na 400,000. Mama akiamka Jumamosi na kwenda kwenye ATM ya Muleba, kwenye akaunti yake kumebaki chini ya 100,000, maana kuna makato ya kila muamala.

Sasa tazama muda ulivyo na thamani. Mama angepiga simu benki kabla hajapanda gari, asingepoteza kitu. Angepiga baada ya meseji ya kwanza ya 400,000, angeokoa 1,500,000. Angepiga saa tatu usiku akiwa nyumbani, angekuwa amepoteza 1,000,000 lakini 900,000 zingebaki. Aliyesubiri hadi asubuhi karibu hana cha kuokoa. Ushauri wa "jaribu kesho" haukuwa wa kumfariji. Ulikuwa wa kumnunulia mwizi usiku mzima.

Dalili kwamba kadi si yako tena

Dalili ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni mashine kukataa namba ya siri unayoijua vizuri, mara tu baada ya mtu mwingine kuishika kadi yako. Mtandao ukisumbua, mashine kwa kawaida husema huduma haipatikani au muamala haukukamilika. Haisemi namba yako si sahihi. Ukiona ujumbe huo, usiingize namba tena. Itoe kadi na uiangalie.

Dalili ya pili ni kadi yenyewe. Kadi nyingi zina jina, lakini zile zinazotolewa papo hapo benki huenda hazina, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Kitu cha kushika kichwani ni tarakimu nne za mwisho za namba ndefu ya kadi. Tarakimu hizo si siri kama namba ya siri. Hata risiti nyingi huzionyesha. Asiyeweza kuzikumbuka, au asiyesoma vizuri, aweke alama yake: nukta ya rangi ya kucha kwenye kona, au mstari mdogo wa kalamu isiyofutika. Alama isiguse chipu wala ule ukanda mweusi wa nyuma. Kwa wazee wetu hii ndiyo njia nyepesi zaidi, kwani inachukua sekunde moja kutazama kona kabla ya kurudisha kadi kwenye pochi.

Dalili ya tatu ni meseji ya benki inayosema fedha zimetolewa wakati wewe uko njiani. Meseji hiyo itakusaidia tu ikiwa namba ya simu iliyoandikishwa benki ndiyo unayoitumia sasa. Watu wengi walifungua akaunti kwa laini ambayo wameshaiacha. Kama ulibadilisha laini, nenda tawini na kitambulisho ukaibadilishe kabla ya msimu wa malipo.

Mazoea yanayozuia

Funika vitufe kwa kiganja cha mkono mwingine kila unapoingiza namba, hata kama huoni mtu. Simama karibu na mashine ili mwili wako uzibe. Mwizi asiyeijua namba, hata akipata kadi, hawezi kutoa fedha kwenye ATM. Lakini usidhani basi uko salama kabisa: kadi nyingine hulipia vitu vya bei ndogo dukani kwa kugusisha tu, na namba zilizoandikwa juu yake zinaweza kujaribiwa kununua vitu mtandaoni. Kadi ikibadilishwa lazima ifungwe, hata kama ulificha namba.

Kabla ya kuingiza kadi, gusa tundu lake kwa kidole. Kama kuna kitu kimebandikwa, kinacheza, au kinaonekana kimeongezwa, tafuta mashine nyingine. Kadi ikiingia na mtu akaanza kukuelekeza, bonyeza kitufe chekundu cha kufuta, chukua kadi yako mwenyewe na uondoke. Hakuna muamala unaoharibika kwa kufutwa.

Mashine ikimeza kadi, usiondoke kwenda kutafuta msaada huku mgeni "mwema" akibaki pale. Piga simu benki ukiwa umesimama mbele ya mashine. Na yeyote akikwambia uingize namba ya siri ili kadi itoke, usifanye hivyo, kwani anachotaka ni kuiona namba.

Kwa anayehitaji msaada kweli, msaada upo. Nenda saa za kazi na uingie ndani ya benki. Mhudumu atakuelekeza, lakini hata yeye hana haja ya kuijua namba yako. Mlinzi anaweza kukuambia mashine ipi inafanya kazi, lakini hana sababu ya kushika kadi. Ukija na mjukuu au jirani, chagua mtu mmoja unayemwamini na uje naye kutoka nyumbani; usimpate kwenye foleni. Kwa wakala pia ingiza kadi na namba kwa mkono wako, na uitazame kadi inaporudi.

Benki kadhaa zina njia za kutumia akaunti bila kadi. Wateja wa NMB hupiga *150*66#, na wa CRDB hupiga *150*03#, kuangalia salio au kuhamisha fedha kwa simu. Ukiangalia salio ukiwa nyumbani, unakwenda kwenye mashine kwa jambo moja tu la kutoa fedha. Lakini namba ya siri ya huduma ya simu nayo haimhusu mtu mwingine, na isifanane na ya kadi.

Mwisho, jiandae na jibu la kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Kwa kijana: "Asante mwanangu, naingia ndani kwa wahudumu." Kwa mkubwa: "Asante sana mzee, namsubiri mwenzangu." Unalisema huku kadi iko mfukoni. Mtu mwema ataelewa. Anayeendelea kusisitiza amekuonyesha nia yake.

Ikishatokea: saa ya kwanza

Jambo la kwanza ni kufunga kadi, kabla ya kwenda polisi na kabla ya kurudi kumtafuta yule kijana. Hapa kuna kikwazo ambacho watu hukigundua wakiwa wamechelewa: namba ya huduma kwa wateja imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi anayo mwizi. Kadi uliyoachiwa, kama ni ya benki ileile, inaweza kuwa na namba hiyo, lakini usitegemee bahati. Leo hii, chukua kadi yako, hifadhi namba hiyo kwenye simu yako na ya mtu wa nyumbani, na uiandike kwenye karatasi isiyokaa pamoja na kadi.

Ukipiga, sema maneno haya: "Nimebadilishiwa kadi kwenye ATM, naomba kadi yangu ifungwe sasa." Watakuuliza jina, namba ya akaunti na maswali ya kukutambua. Hawatakuuliza namba ya siri. Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na uandike saa. Saa hiyo ni ushahidi: fedha zikitoka baada ya benki kuthibitisha kwamba imefunga kadi, benki ina swali la kujibu. Zilizotoka kabla ya hapo ni shauri gumu zaidi, kwa sababu kumbukumbu zitaonyesha kadi halisi na namba sahihi. Hatuwezi kukuahidi kwamba zitarudi.

Jambo la pili ni kutoitupa kadi uliyoachiwa. Huenda ni ya mtu mwingine aliyeibiwa, na inaweza kuwasaidia polisi kuunganisha matukio. Iweke kwenye bahasha, usijaribu kuitumia, na uikabidhi kituoni au benki huku ukibaki na picha yake.

Jambo la tatu ni polisi. Toa taarifa ya wizi, upewe namba ya RB. Angalia usije ukaandikiwa taarifa ya kupotelewa na mali, ambayo watu huchukua ili wapewe kadi mpya. Hiyo inasema tu kwamba kitu kimepotea, na haianzishi upelelezi. Eleza kwamba ulilaghaiwa na fedha zimetolewa, taja mashine, saa, na sura ya mtu.

Jambo la nne ni barua kwa benki ukiambatanisha RB. Omba taarifa ya miamala inayoonyesha kila mashine iliyotumika na saa yake, na uombe picha za kamera za mashine hizo zihifadhiwe. Omba mapema, kwa kuwa kamera hazitunzi picha milele. Za zamani hufutwa kupisha mpya. Kama hukuridhika na majibu ya benki, Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinakuruhusu kupeleka malalamiko Benki Kuu. Watakachotaka kuona kwanza ni kwamba ulilalamika kwenye benki yako, kwa maandishi, na ilijibu nini. Kwa hiyo tunza nakala.

Tahadhari moja ya mwisho. Siku chache baada ya wizi unaweza kupigiwa simu na mtu anayejiita mhudumu wa benki, akisema fedha zako zimepatikana na anahitaji namba ya siri au namba iliyotumwa kwenye simu yako ili azirudishe. Huyo ni mwizi wa pili, au ni yuleyule wa kwanza. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe ile namba uliyoihifadhi. Akituma meseji, ipeleke kwenye namba 15040, ambayo mamlaka imeitenga kwa ajili ya kuripoti meseji za utapeli.

Kama unaye mzazi au mlezi anayekwenda ATM msimu huu, usimsomee makala yote. Fanya naye mambo matatu tu jioni hii: wekeni alama kwenye kona ya kadi yake, hifadhini namba ya benki kwenye simu, na mzoeshe kusema, "Asante, naingia ndani."